MADA YA 7: UPUPU – MUWASHO WA MICHIRIZI, HUDUMA YA KWANZA NA WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi upupu unavyosababisha muwasho;
(b) kutoa huduma ya kwanza kwa mpangilio sahihi na kutoa sababu ya kila hatua;
(c) kutofautisha michirizi ya upupu na michirizi mingine ya ngozi;
(d) kutaja dalili zinazomlazimu mgonjwa kwenda kituo cha afya.

Utangulizi

Kama umekulia Ifakara, Mang'ula, Mlimba au kijiji chochote cha bonde la Kilombero, sina haja ya kukueleza upupu unavyowasha. Huenda uliupata ukienda kuokota kuni, ukipita njia ya mkato kwenda shambani, au mwenzako mkorofi aliumwaga kwenye dawati lako. Wanafunzi wengi wanaufahamu muwasho, lakini wakiulizwa sababu wanaandika "kwa kuwa upupu una sumu" na kuishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Mada hii inaunganisha mambo matatu uliyokwisha kuyasoma: vimeng'enya, uratibu wa neva, na huduma ya kwanza.

1. Mmea wenyewe

Upupu unatokana na mmea unaotambaa uitwao mpupu, ambao jina lake la kisayansi ni Mucuna pruriens. Neno la pili katika jina hilo ni la Kilatini na maana yake ni "unaowasha". Mpupu ni wa jamii ya mikunde, kama maharage na kunde. Kila jani lina vijani vitatu, maua yake ni ya zambarau na hushuka chini kwa vishada. Maganda yake yamejikunja kidogo mfano wa herufi S.

Ganda limefunikwa na vinywele vingi vya rangi ya dhahabu au kahawia. Hivyo vinywele ndivyo upupu. Kila kimoja kina urefu wa milimita chache tu, ncha yake ni kali, na karibu na ncha kuna vimiba vidogo vinavyoelekea nyuma kama vya ndoano. Ndiyo maana kinywele kikiingia kwenye ngozi hakitoki kwa urahisi.

Ganda likiwa bichi, vinywele vimeshikamana nalo. Mvua zikiisha na ganda likakauka, vinywele hulegea na kuanguka kwa kuguswa kidogo au kwa upepo. Kwa hiyo katika bonde letu hatari huwa kubwa wakati wa kiangazi, kipindi ambacho watu wanavuna mpunga, wanakata fito na kuokota kuni kwenye vichaka. Unaweza kuwashwa bila kugusa mmea kabisa, kwa kupita tu upande ambao upepo unaelekea.

2. Kwa nini upupu unawasha?

Wanafunzi wengi hudhani muwasho unatokana na kuchomwa tu, yaani kinywele kinachoma kama sindano. Kuna ushahidi unaopinga wazo hilo. Vinywele vya upupu vikichemshwa, umbo lake na ukali wa ncha hubaki vile vile, lakini muwasho hupotea karibu wote. Hii ina maana kwamba ndani ya kinywele kuna kitu kinachoharibiwa na joto.

Mwaka 1955 watafiti wawili, Walter Shelley na Robert Arthur, walionyesha kwamba kitu hicho ni kimeng'enya kinachovunja protini. Walikiita mukunaini. Unakumbuka kwamba vimeng'enya ni protini, na protini huharibika umbo zikipata joto kali. Sasa unaona kwa nini upupu uliochemshwa hauwashi.

Mukunaini ikifika kwenye tabaka la juu la ngozi, hukata sehemu ya vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva. Kipokezi kikikatwa huamka, na neva hupeleka taarifa hadi kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Ubongo huitafsiri taarifa hiyo kuwa muwasho unaochanganyika na hali ya kuungua. Kazi hii ya vipokezi ilielezwa kwa kina na watafiti mwaka 2008.

Hapa kuna jambo moja muhimu kwa mtahiniwa. Muwasho wa kung'atwa na mbu hutokana zaidi na kemikali ya mwili iitwayo histamini. Muwasho wa upupu hupita njia nyingine ya neva. Kwa sababu hiyo, vidonge vya kuzuia histamini, kama setirizini, havikomeshi muwasho wa upupu kwa haraka. Vinaweza kusaidia kama ngozi imevimba mabaka kwa mzio, lakini si dawa ya kwanza ya kukimbilia. Dawa ya kwanza ni kuviondoa vinywele, kwa kuwa kila kinywele kinachobaki kwenye ngozi kinaendelea kutoa mukunaini.

3. Michirizi inatoka wapi?

Ukipita kichakani, tawi au ganda hukukwaruza kwa mstari: mkononi, shingoni au mguuni. Vinywele huangukia kwenye mstari huo, na vipele hufuata mkondo huo huo. Halafu mgonjwa anajikuna, na kucha zinaviburuta vinywele kutoka mahali pa kwanza hadi mahali pengine. Matokeo yake ni michirizi mipya sambamba na ile ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akisema "upupu wangu unasambaa", usidhani ni ugonjwa unaoenea mwilini. Vinywele vinasambazwa na mikono yake mwenyewe, nguo zake au taulo aliyojifutia. Upupu hauambukizi, lakini vinywele vinaweza kuhama kutoka mtu hadi mtu.

4. Huduma ya kwanza: hatua kwa mpangilio

Mpangilio una maana kubwa hapa. Wanafunzi wengi huandika hatua sahihi lakini kwa mpangilio mbaya, na katika maisha halisi kosa hilo linaongeza mateso.

Hatua ya 1: Ondoka mahali hapo na zuia mikono. Usijikune, usijifute jasho usoni, usiguse macho. Kama mgonjwa ni mtoto mdogo, mshike mikono.

Hatua ya 2: Vua nguo kwa uangalifu. Shati lenye vifungo lifunguliwe na kuvuliwa kwa nyuma. Fulana isiburutwe usoni. Ikunjwe kuelekea nje wakati wa kuivua, na ikibidi ikatwe kwa mkasi. Nguo iwekwe kando, isitupwe kitandani.

Hatua ya 3: Ondoa vinywele kabla ya kuosha. Chukua selotepu au plasta, ibandike taratibu juu ya ngozi, kisha ivute. Vinywele hutoka pamoja nayo. Tumia kipande kipya kila mara, kwani kipande kilichotumika kinarudisha vinywele kwenye ngozi. Kama huna selotepu, kanda unga na maji kidogo mpaka unate, bonyeza donge hilo juu ya ngozi na kuliinua, bila kusugua. Tupa kila donge baada ya kulitumia.

Hatua ya 4: Osha kwa maji mengi ya baridi na sabuni. Maji yamwagwe kutoka juu kwenda chini, yabebe vinywele vilivyobaki. Usitumie dodoki wala taulo ya kusugulia, kwani kusugua huvisukuma vinywele ndani zaidi. Baada ya kuosha, kausha kwa kugusisha kitambaa safi tu.

Hatua ya 5: Tuliza ngozi. Weka kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15, kisha rudia inapohitajika. Ubaridi hupunguza taarifa za muwasho zinazopita kwenye neva. Losheni ya kalamaini inayouzwa kwenye maduka ya dawa husaidia pia. Vipele vikiendelea kuvimba, mtoa dawa anaweza kushauri krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ipakwe kidogo kwa siku chache, isipakwe kwenye jicho wala kwenye kidonda.

Hatua ya 6: Shughulikia kucha na nguo. Kata kucha. Loweka nguo peke yake kwenye ndoo ya maji, kisha ifuliwe kwa kuvaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Usiikung'ute ikiwa kavu, kwani utavirusha vinywele hewani. Anayehudumia naye anawe mikono akimaliza.

Vinywele vikiondolewa vizuri, muwasho mkali kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache. Vipele vidogo vinaweza kuonekana kwa siku moja au zaidi.

Angalizo kuhusu tiba za nyumbani

Watu wengi hupaka majivu au tope. Tope likikauka na kubanduliwa linaweza kuondoka na vinywele kama selotepu inavyofanya, lakini ngozi iliyokwisha kukwaruzwa ina michubuko, na udongo unaweza kuingiza vijidudu, wakiwemo wale wa pepopunda. Majivu yenye maji ni besi, nayo huunguza jicho na kidonda. Donge la unga linafanya kazi ile ile bila hatari hizo.

Wengine huoga maji ya moto kwa hoja kwamba joto huharibu kimeng'enya. Hoja ni sahihi, matumizi ndiyo mabaya. Joto linaloharibu mukunaini ni la maji yanayochemka, na ngozi yako itaungua kabla kimeng'enya hakijaharibika. Tena, ukioga maji ya moto utataka kusugua.

Na mpupu ulioota karibu na nyumba usichomwe moto ukiwa na maganda makavu. Hewa ya moto hupeperusha vinywele visivyoungua, vikaingia machoni na puani. Ukatwe mapema, maganda yakiwa bado machanga, na mkataji avae mikono mirefu, glavu na miwani.

5. Je, ni upupu kweli?

Si kila mchirizi unaowasha ni upupu. Kipimo kizuri ni muda na hisia ya kwanza.

Upupu: muwasho mkali huanza papo hapo au ndani ya dakika chache, na mgonjwa alikuwa kichakani au karibu nacho.

Kiwavi mwenye manyoya: maumivu ya kuchoma huanza mara moja, kisha hufuata muwasho. Michirizi hufuata njia aliyotambaa. Usimpige wala kumponda akiwa juu ya ngozi, kwa sababu manyoya yake yatavunjikia humo. Mwondoe kwa kijiti, kisha fuata hatua zile zile za selotepu na maji. Manyoya ya viwavi yakiingia jichoni ni hatari, kwani yanaweza kupenya ndani ya jicho lenyewe.

Nzi wa Nairobi: jina linapotosha, kwani ni mbawakavu mdogo mwenye rangi nyeusi na nyekundu, apendaye sehemu zenye unyevu kama majaruba ya mpunga, na usiku huvutwa na taa. Akipondwa juu ya ngozi hutoa majimaji yanayounguza. Hapa mtu hahisi kitu mwanzoni. Mchirizi mwekundu unaoungua hutokea baada ya saa 12 au zaidi, mara nyingi asubuhi ya siku inayofuata au baada ya siku mbili, na huota malengelenge. Selotepu haisaidii, kwa sababu hakuna kinywele cha kutoa. Kinachosaidia ni kuosha kwa sabuni na maji mapema.

6. Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda mara moja, bila kusubiri, kama:

(a) Upupu au manyoya ya kiwavi yameingia jichoni. Kwanza mimina maji safi jichoni taratibu kwa dakika 15 hadi 20, bila kusugua jicho. Kisha nenda hospitali hata kama muwasho umepungua.

(b) Mgonjwa anapumua kwa shida, sauti inakwaruza, midomo au ulimi umevimba, ametokwa na mabaka mwili mzima, anatapika au anahisi kuzimia. Hizi ni dalili za mzio mkali unaoweza kuua. Mlaze chini, na kama anapumua kwa shida mwache akae, huku usafiri ukitafutwa.

(c) Umevuta vinywele kooni au umevimeza, na kikohozi au maumivu hayakomi.

Nenda ndani ya siku hiyo kama:

(d) Michubuko imeanza kutoa usaha, imevimba, ina joto na inauma kuliko inavyowasha, au homa imeanza.

(e) Mstari unapanda kutoka kwenye kidonda kuelekea kwapani au kwenye kinena, pamoja na mitoki. Huu ni mchirizi wa aina nyingine kabisa. Si wa upupu. Ni dalili kwamba bakteria walioingia kupitia michubuko wanasafiri kwenye mishipa ya limfu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Gusa: utahisi joto, uvimbe na maumivu kufuata mstari huo. Mgonjwa anahitaji dawa za kuua bakteria alizoandikiwa na tabibu, si losheni.

(f) Muwasho haupungui baada ya siku mbili au tatu, au mgonjwa ni mtoto mchanga.

7. Swali la mfano na jinsi ya kulijibu

Swali: Mwezi Julai, mwanafunzi alikwenda kuokota kuni kwenye kichaka nje ya Ifakara. Akiwa njiani kurudi, mkono wa kulia ulianza kumwasha vikali. Alijikuna mpaka nyumbani, akavua fulana kwa kuivutia kichwani, akaoga maji ya moto na kujisugua kwa dodoki. Muwasho ukazidi, ukahamia shingoni na usoni. Dada yake alimpa kidonge cha setirizini, lakini muwasho haukukoma. Siku ya tatu muwasho ulikuwa umekwisha, ila mkono ulivimba, ukawa na joto, na mstari wenye maumivu ukapanda kutoka kiganjani hadi karibu na kwapa. Mama yake akasema, "Mwanangu, upupu huo bado haujaisha, paka tena majivu."

(i) Taja makosa matatu ya mwanafunzi na eleza athari ya kila moja. (alama 6)
(ii) Kwa nini setirizini haikufaa? (alama 2)
(iii) Je, ushauri wa mama ni sahihi? Toa sababu. (alama 4)

Jibu la (i): Kosa la kwanza ni kujikuna. Kucha zilisambaza vinywele na kuchubua ngozi, zikafungua mlango kwa bakteria. Kosa la pili ni kuvua fulana kwa kuivutia kichwani. Vinywele vilivyokuwa kwenye kitambaa vilihamia shingoni na usoni, ndiyo maana muwasho ulihama. Kosa la tatu ni kujisugua kabla ya kuondoa vinywele kwa selotepu au donge la unga. Dodoki lilivisukuma ndani, na vikaendelea kutoa mukunaini.

Jibu la (ii): Setirizini huzuia histamini. Upupu huamsha neva kwa kimeng'enya kinachokata vipokezi, bila kutegemea sana histamini. Pia vinywele vilikuwa bado kwenye ngozi.

Jibu la (iii): Si sahihi. Tazama mfuatano wa dalili. Muwasho ulikwisha kabla, kisha yakaja maumivu, joto na uvimbe. Upupu hauanzi upya siku ya tatu bila kugusana nao tena. Mstari unaopanda kuelekea kwapani ni dalili ya maambukizi ya bakteria kwenye mishipa ya limfu. Majivu yataunguza michubuko na kuchelewesha matibabu. Mwanafunzi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtahini hutoa alama kwa sababu, si kwa orodha peke yake. Ukiandika "alijikuna" unapata nusu. Ukiongeza athari yake unapata alama kamili.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi alichemsha maganda ya mpupu kwa nusu saa, akayakausha, kisha vinywele vyake havikuwasha. Eleza matokeo hayo kwa kutumia sifa za vimeng'enya.
2. Kwa nini selotepu hutangulia maji?
3. Mkulima aliamka asubuhi na mchirizi wenye malengelenge shingoni. Jioni iliyotangulia alikaa karibu na taa na hakuhisi kitu. Ni nini kimemtokea, na kwa nini si upupu?
4. Eleza tofauti mbili kati ya mchirizi wa upupu na mchirizi wa maambukizi, na namna ya kuutambua wa pili kwenye ngozi nyeusi.
5. Mwenzako amemwagiwa upupu darasani na umemwingia jichoni. Andika hatua utakazochukua kwa mpangilio, mpaka anapofika hospitali.